Kiti cha mtoto cha okazyo: mwongozo kamili wa kukikagua na kukijaribu ndani ya gari lako, Lubumbashi

Tangu mwaka uanze nimeitwa na majirani watano kuangalia kiti cha mtoto kinachochezacheza garini. Malalamiko ni yale yale: tumekinunua, tumekifunga, tumevuta mkanda mpaka mikono imeuma, na bado kwenye kona ya kwanza kinalala upande. Mara nne kati ya hizo tano mkanda haukuwa na kosa lolote. Kiti na gari havikuelewana, na hakuna aliyejaribu kuvikutanisha kabla ya kulipa.

Hapa naongelea kiti cha okazyo, kile kinachotoka kwenye kontena la Ulaya au ndani ya kofre ya gari lililotoka Japani, kwa sababu ndicho wengi wetu tunachonunua. Pusipusi nitaiacha kwa siku nyingine. Nitafuata kiti kimoja, kile tulichokitafutia gari la jirani yangu: Toyota ya mwaka 2004, usukani kulia kama magari mengi ya hapa, mtoto wa miezi tisa.

## Vitu vya kuandaa

- Mizani ya kusimamia, ya nyumbani au ya zahanati
- Futi ya fundi nguo
- Simu yenye tochi
- Chaki nyeupe
- Mswaki wa zamani na beseni la maji ya uvuguvugu
- Pakiti mbili za unga wa mahindi za kilo 5
- Mtu mzima wa pili ambaye hajawahi kufunga kiti cha mtoto
- Gari lenyewe. Picha ya gari haitoshi, wala gari la shemeji linalofanana nalo.

Mwuzaji akikataa usijaribishe kiti ndani ya gari lako kabla ya kulipa, ondoka. Viti havijaisha mjini.

## Hatua ya 1: Pima mtoto na gari kabla ya kutoka nyumbani

Panda mizani peke yako, soma. Panda tena ukiwa umembeba mtoto, soma, kisha toa. Jirani alipata kilo 64.2 peke yake na 73.0 akiwa na mtoto, kwa hiyo mtoto ana kilo 8.8. Pima na urefu, mtoto akiwa amelala kitandani, kutoka utosini hadi kisiginoni. Wake alikuwa na sentimita 71. Namba hizi mbili ziandike kwenye simu, maana viti vinapangwa kwa kilo au kwa urefu, wala si kwa umri ambao mwuzaji atakutajia.

Sasa ingia nyuma ya gari. Tazama mikanda mitatu. Ule wa dirishani kushoto na kulia mara nyingi ni wa pointi tatu, yaani unapita tumboni na begani. Wa katikati, kwenye magari mengi ya zamani, ni wa tumboni tu. Andika upi ni upi, kwa sababu kiti kinachodai mkanda wa pointi tatu hakiwezi kukaa katikati ya gari la namna hiyo, hata kama kinaonekana kimetulia.

Kisha ingiza vidole kwenye mfereji ule kati ya mahali pa kukalia na mgongo wa siti. Unatafuta vyuma viwili vya mviringo, vyembamba kama penseli, vimeachana kama sentimita 28. Hivyo ndivyo vyuma vya ISOFIX. Japani ilivifanya lazima kwa magari mapya kuanzia Julai 2012, kwa hiyo gari la kabla ya hapo laweza kuwa navyo au lisiwe navyo, ni vidole vyako vitakavyokuambia. Vya jirani viligusa sponji na makombo ya biskwi peke yake.

Umefaulu ikiwa: unaweza kujibu bila kukisia mtoto ana kilo ngapi, urefu gani, mikanda ya pointi tatu iko wapi, na kama gari lina vile vyuma.

## Hatua ya 2: Soma lebo kabla ya kugusa kitambaa

Tulikwenda upande wa soko la komini ya Kenya, tukaonyeshwa viti vitatu. Cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote, kijivu, kitambaa kama kipya, dola 35.

"Papa, lebo iko wapi?"

"Mama, lebo ilitoka njiani. Lakini hii ni ya Beljika, haiko na shida hata kidogo."

Inawezekana ni kweli. Ila bila lebo hujui kilo zake, hujui kinaelekea wapi, hujui mkanda upite wapi. Tukakirudisha chini.

Kwenye kiti cha Ulaya lebo ni ya rangi ya chungwa, imebandikwa mgongoni au ubavuni. Ina herufi E ndani ya duara, na namba pembeni yake. Namba hiyo inataja nchi iliyotoa kibali: E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Haimaanishi kiti kimetengenezwa huko. Kiti cha Japani utakiona na E43, maandishi mengine yote yakiwa ya Kijapani.

Kuna familia mbili za kibali. R44 inapanga kwa kilo, na utasoma kwa mfano 0-13 kg, 9-18 kg au 0-18 kg. Tazama namba ndefu ya kibali chini ya lebo: ikianza na 04 ni toleo la mwisho la R44, ikianza na 01 au 02 ni kitu kilichokatazwa Ulaya tangu 2008, usikipeleke nyumbani. R129 ni mpya zaidi, inapanga kwa sentimita. Tangu Septemba 2024 maduka ya Ulaya hayauzi tena viti vipya vya R44, ila wenye navyo wanaruhusiwa kuendelea kuvitumia, kwa hiyo lebo ya R44/04 peke yake si sababu ya kukikataa.

Kiti cha Amerika hakina duara la E. Kina maandishi marefu ya Kiingereza, kilo pamoja na pauni, na mara nyingi kipande cha plastiki kinachounganisha mikanda miwili kifuani. Hakina ubaya, lakini soma vizuri hatua ya 5, kwa sababu kufungwa kwake kunategemea zaidi namna mkanda wa gari unavyojifunga.

Kiti cha pili ndicho kilichomvutia jirani: R129, sentimita 61-105, kinazunguka, dola 110. Urefu wa mtoto unaingia. Ila lebo ilionyesha kinashikwa kwa ISOFIX tu, hakina njia ya kupitisha mkanda wa gari. Kwa Toyota ile ni mzigo wa plastiki. Mtego huu unawakamata watu wengi sana, hasa wenye ndugu Ulaya wanaowatumia kiti cha bei kubwa kama zawadi.

Cha tatu: R44/04, 0-18 kg, neno UNIVERSAL, maana yake kinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari. Kitambaa kimepauka, dola 45. Huyu ndiye tuliyemfanyia kazi.

Onyo: kuna kitu kinauzwa madukani kwa jina la kiti cha mtoto, nacho ni kigodoro cha kitambaa chenye mikanda, hakina ganda gumu. Kinakunjika mkononi. Hakuna kitakachozuia kichwa wala kushika mwili gari likigonga. Usikichukue hata cha bure.

## Hatua ya 3: Vua nguo zote, tazama ganda

Omba ruhusa uvue kitambaa. Mwuzaji atanung'unika, mwambie utakirudisha. Kitambaa ndicho kinachoficha mambo.

Kwanza tafuta saa ya plastiki. Mgongoni au chini ya ganda kuna duara dogo lililochongwa, lina namba 1 hadi 12 kuzunguka, mshale katikati na tarakimu mbili za mwaka. Mshale unaonyesha mwezi ambao kipande hicho kilimiminwa. Chetu kilikuwa na 19 katikati na mshale kwenye 5: Mei 2019. Watengenezaji wengi hutoa maisha ya miaka kati ya 6 na 10, na baadhi huandika kikomo pale pale kwenye ganda. Chetu kiliandikwa miaka 10. Sababu ni kwamba plastiki inayokaa juani hukauka na kuvunjika badala ya kupinda. Gari lililoegeshwa nje Septemba na Oktoba hapa kwetu linakuwa tanuru, kwa hiyo mimi binafsi sichukui kiti kilichobakiza chini ya miaka miwili.

Washa tochi uipitishe ikiwa imelala karibu na plastiki. Nyufa zinatupa kivuli. Tazama zaidi pale mkanda wa gari unapopita, kwenye matundu ya mikanda ya mtoto, na kwenye kona za chini. Tafuta pia michirizi myeupe kama ya sahani ya plastiki iliyokunjwa: hapo plastiki imevutwa kupita nguvu yake. Kiti chenye michirizi hiyo kwenye njia ya mkanda huenda kilishapata ajali. Kiache.

Kisha frigoliti, ile nyeupe ya kichwani na ubavuni. Ndiyo inayojibana kichwa kikigonga, na hujibana mara moja tu. Ikiwa imepasuka vipande au imebonyea shimo lenye umbo la kichwa au bega, kazi yake imekwisha. Mikwaruzo midogo haina neno.

Niseme wazi: kuna kiti kilichopata ajali ambacho tochi haitakionyesha. Ndiyo maana kiti kilichopauka cha familia unayoijua, inayoweza kukuambia kilikuwa wapi, ni bora kuliko cha kontena kinachong'aa. Tulichokuwa nacho mkononi kilikuwa cha mke wa fundi aliyefanya kazi Likasi, na mwuzaji alitupa simu tuongee naye. Hilo lilinishawishi kuliko rangi ya lebo.

Umefaulu ikiwa: una mwezi na mwaka, ganda halina ufa wala mchirizi mweupe njiani mwa mkanda, na frigoliti ni nzima.

## Hatua ya 4: Mikanda ya mtoto na kifungo chake

Pitisha mikanda kati ya vidole, sentimita kwa sentimita, pande zote mbili. Nyuzi zilizochomoza ukingoni, sehemu ngumu inayong'aa kama imeungua, au mshono uliofunguka, vyote ni sababu ya kukikataa. Mkanda uliopauka sana kuliko kipande kilichofichwa chini ya kitambaa umeliwa na jua. Uliopauka kidogo unasameheka.

Sasa kifungo cha kati ya miguu. Kifunge mara kumi. Kila mara usikie "tak" moja kavu, na kila mara uvute kwa nguvu baada ya kufunga. Chetu kililia mara sita, mara nne kikanyamaza, na mara moja kati ya hizo nne ulimi mmoja ukatoka mkononi. Wengi wangekitupa hapo. Mimi najua vumbi letu jekundu, likichanganyika na uji linakuwa saruji.

Geuza kifungo kichwa chini ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kibonyeze na kukiachia mara nyingi, sugua matundu kwa mswaki, badilisha maji mpaka yatoke meupe. Kiache kikauke kivulini usiku mzima. Usitie sabuni nyingi ndani, na usitie mafuta ya aina yoyote. Mafuta yanashika vumbi, na baada ya wiki mbili hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mwuzaji alikubali tuache dola 10 za kushikilia, tukaondoka nacho. Asubuhi kililia mara kumi kwa kumi. Kama kingebaki hata na kimya kimoja, ningekirudisha.

Baki na kirekebishi, ule mkanda mmoja wa mbele unaouvuta ili wa mabegani ukaze. Meno yake yapo ndani ya tundu na hayaonekani, nayo vumbi hupenda kukaa hapo. Kaza mikanda, chora alama ya chaki pale mkanda unapoingia tunduni, kisha vuta mikanda ya mabegani kwa nguvu mara kumi kama mtoto anayegombana. Alama ikisogea, hata kidogo, meno hayashiki.

Mikanda isiingie mashine ya kufulia, isitiwe javeli. Ifute kwa kitambaa chenye sabuni laini. Javeli inadhoofisha uzi kwa ndani huku ukiuona msafi.

## Hatua ya 5: Kifunge kwenye gari, mahali pote panapowezekana

Hapa ndipo majirani wote walipokwama, tutakaa kidogo.

Mtoto wa kilo 8.8 anatazama nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto ni kizito kwa shingo yake. Gari likisimama ghafla, akiwa ametazama nyuma mgongo mzima wa kiti unampokea, akiwa ametazama mbele shingo inavutwa peke yake. R129 hairuhusu kumgeuza kabla ya miezi 15. R44 ilianza kuruhusu kwenye kilo 9, na ndiyo maana mtu atakuambia "amefika kilo tisa, mgeuze". Usimgeuze. Chetu kinaruhusu kutazama nyuma hadi kilo 13, tutakitumia hadi hapo, au hadi utosi wa mtoto ukaribie ukingo wa juu wa ganda.

Kwenye kiti cha Ulaya njia ya mkanda imepakwa rangi: buluu ni ya kutazama nyuma, nyekundu ni ya kutazama mbele. Ukipitisha mkanda pekundu mtoto akiwa anatazama nyuma, kiti kitakaa vizuri kwa macho na kitaruka siku ya ajali. Rangi ikiwa imefutika na hakuna mchoro ubavuni, tafuta kitabu chake mtandaoni kwa jina la modeli lililoko kwenye lebo. Ukiwa huko huko, andika jina hilo pamoja na neno la Kifaransa *rappel*, uone kama mtengenezaji aliwahi kuviita virudi kiwandani.

Onyo kubwa: kiti kinachotazama nyuma hakikai mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule mafundi wanauita erbagi. Unafunguka kwa nguvu moja kwa moja mgongoni mwa kiti, kilipo kichwa cha mtoto. Na kwamba taa yake imezimika kwenye dashibodi hakumaanishi mfuko haupo.

Tulijaribu mahali patatu.

*Katikati.* Mkanda wa tumboni tu. Kiti chetu kinadai pointi tatu. Hapana.

*Kushoto, nyuma ya abiria.* Mkanda ulitosha, kiti kikaonekana kimekaza. Kisha tukatazama kifungo cha gari. Kilikuwa kirefu, kimelala juu ya ukingo wa plastiki wa kiti cha mtoto na kupinda juu yake. Hili ndilo kosa lililowasumbua majirani wengi, na karibu hakuna anayelijua. Kinachogusa ukingo wa kiti kiwe utepe wa mkanda, kamwe kisiwe mwili wa kifungo. Kifungo kikilala ukingoni, kila shimo barabarani linakilegeza, na kwenye ajali kinaweza kuvunjika au kufunguka. Hakuna kukaza kunakoondoa shida hii. Unahama mahali au unahama kiti.

*Kulia, nyuma ya dereva.* Kifungo cha upande huu kilikuwa kifupi, kikabaki chini ya ukingo. Faida ya pili: huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kwenye gari la usukani kulia mlango huu unafunguka ukingoni mwa barabara. Unamshusha mtoto mbali na takisi zinazopita. Hasara: siti ya dereva ilipaswa kusogea mbele. Jirani ni mfupi, akakaa bila shida. Mume wake magoti yaligusa chini ya usukani. Basi wakakubaliana: mtoto akiwemo, mama ndiye anayeendesha. Mzee alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Sasa kufunga kwenyewe. Pitisha mkanda njia ya buluu, hakikisha haujajisokota popote. Funga kifungo. Weka goti au mkono mzito ndani ya kiti ukikandamiza chini kuelekea mgongo wa siti, na mkono wa pili uvute kwanza sehemu ya tumboni, halafu ya begani, mpaka ulegevu wote uishe. Bana mkanda wa gari kwa klipu ya kiti kama ipo.

Kama hakina klipu, kama viti vingi vya Amerika, jaribu mkanda wa gari: uvute polepole wote mpaka mwisho, kisha uuachie urudi kidogo. Ukisikia mlio wa meno na haukubali kutoka tena, unajifunga wenyewe. Usipolia, unajifunga kwenye breki tu na kiti kitacheza. Gari hilo halifai kiti hicho.

Usiweke mto wala kikwembe kilichokunjwa chini ili "kiketi vizuri". Vitu laini hubonyea na mkanda unabaki mlegevu.

Umefaulu ikiwa: unashika kiti pale mkanda unapopita, kwa mkono mmoja, unakitikisa kushoto na kulia kwa nguvu ya kusalimiana, na hakisogei zaidi ya sentimita 2.5. Usikitikise kwa juu. Kiti kinachotazama nyuma hucheza upande wa juu hata kikifungwa vizuri, na hapo ndipo watu hukata tamaa bure.

## Hatua ya 6: Mtoto ndani

Mikanda ya mabegani itoke kwenye tundu lililo sawa na bega au chini yake kidogo, mtoto akitazama nyuma. Atakapogeuzwa siku moja, itoke sawa na bega au juu yake kidogo. Watu hukariri moja na kuitumia pande zote mbili.

Kaza, kisha jaribu kubana utepe wa begani kati ya kidole gumba na cha shahada kwa wima. Ukipata mkunjo, bado umelegea. Vidole vikiteleza bila kushika kitu, inatosha.

Koti nene, livue kabla ya kumfunga. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni baridi, najua, basi mfunike kikwembe juu ya mikanda baada ya kufunga. Mtoto mchanga asiyeshika shingo anahitaji kiti kimelala kama digrii 45, kidevu kisilalie kifua, maana pumzi inazibika bila kelele. Wa miezi tisa anaweza kukaa wima zaidi, ilimradi kiti chenyewe kinaruhusu.

## Hatua ya 7: Safari ya unga

Weka pakiti mbili za unga ndani ya kiti, zifunge kwa mikanda ya mtoto. Chora chaki mahali pawili: pale mkanda wa gari unapoingia kwenye kiti, na kwenye kirekebishi. Kisha endesha dakika kumi na tano kwenye njia mbaya unayoijua. Sisi tulizunguka barabara za ndani za Katuba, mashimo hatuyakosi.

Tuliporudi alama ya mkanda wa gari ilikuwa imesogea sentimita moja. Tulikuta mkanda umejisokota mara moja nyuma ya kiti, mahali ambapo macho hayafiki. Tukaufungua, tukaunyoosha, tukafunga upya, tukazunguka tena. Mara hii chaki ilikaa pale pale.

Hili si jaribio la ajali, na unga hauwezi kukuambia kiti kitafanya nini gari likigonga. Linakuambia jambo moja: kama kitabaki kimekaza baada ya wiki moja ya mashimo. Sentimita moja ndani ya dakika kumi na tano, hesabu mwenyewe kwenda Kasumbalesa na kurudi.

## Hatua ya 8: Mtu wa pili, na wiki ya kwanza

Mwite yule ambaye hajawahi kufunga kiti. Kwa jirani alikuwa mama mkwe wake. Mwonyeshe mara moja, kisha ukae kimya umtazame akimfunga mtoto peke yake. Alichukua dakika nne, na vidole vyake havikuweza kubonyeza kitufe chekundu kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili aliweza. Tukakubali, kwa sababu kitufe kigumu kidogo mtoto naye hakifungui. Kama asingeweza kabisa, kiti hicho kisingefaa nyumba hiyo, hata kingekuwa salama vipi, maana siku mama hayupo mtoto angepakatwa.

Vua na kurudisha kitambaa mara moja ukiwa na saa. Chetu kilishikwa na lastiki kumi na moja na kilichukua dakika kumi na tisa kurudi. Hiyo ni kasoro ya kweli: kitambaa kigumu kuvua hakifuliwi, uji unashuka kifungoni, na unarudi kwenye beseni la hatua ya 4. Jirani alikata kikwembe cha zamani akakitandika juu kama shuka jembamba, kimetobolewa pale mikanda inapopita. Nilimruhusu chembamba tu, kisikunjwe chini ya mtoto kikawa mto.

Wiki ya kwanza, kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, mkono mmoja pale mkanda unapopita, tikisa mara moja. Siku ya tano jirani alinipigia: kimecheza. Nilimwuliza nani alikaa nyuma jana yake. Shemeji, akasema, na alifungua mkanda apate nafasi ya gunia la makaa. Alikirudisha mwenyewe, bila goti, akipitisha pekundu.

Sasa kuna kipande cha plasta kimebandikwa kwenye mlango ule wa nyuma kulia, kimeandikwa kwa kalamu: BULUU. USIFUNGUE. ITA MAMA.